Kuzimua HCl mara kumi: mbona pH haipandi 1 kamili, na bafa ya fosfeti inagoma kufika 7.20?

Mwl_Pipeti (#1)

Wakuu wa kemia, salaam. Naandaa zoezi la vitendo la kidato cha sita na namba zinanikatalia. Nimeanza na HCl 0.1 M. Kila hatua nachota mL 10 kwa pipeti, naweka kwenye flaski ya ujazo ya mL 100, najaza maji yaliyokenekwa mpaka alama, natikisa, halafu napima. Mita imesawazishwa kwa bafa ya 4 na ya 7, joto ni 25 °C. Majibu ni haya:

```
0.1 M        pH 1.14
0.01 M       pH 2.07
0.001 M      pH 3.03
0.0001 M     pH 4.02
0.00001 M    pH 5.31
0.000001 M   pH 5.68
```

Kwa hesabu ya darasani ilitakiwa iwe 1, 2, 3, 4, 5, 6.

Sehemu ya pili ni bafa. Nimeyeyusha KH2PO4 gramu 3.40 pamoja na Na2HPO4 gramu 3.55 kwenye lita moja. Kila moja ni moli 0.025, kwa hiyo uwiano ni 1, logi yake 0, na pH inapaswa kuwa sawa na pKa, yaani 7.20. Mita inasema 6.87. Nikazimua bafa hiyo mara kumi, ikapanda hadi 7.06, wakati uwiano haujabadilika hata kidogo. Wanafunzi wataniuliza, na nataka niwajibu kwa sababu, siyo kwa kusema "kosa la kifaa". Karibuni.

Jamaa_wa_Moli (#2)

Mwalimu, hapo umezimua vibaya tu. Wengi huchukua mL 10 za asidi na kuongeza mL 100 za maji, na hapo siyo mara kumi tena, ni mara 11. Ongeza mL 90 utaona 1, 2, 3 zinanyooka.

Mtu_wa_Bureti (#3)

@Jamaa_wa_Moli kosa hilo lipo na ni la kila siku, ila siyo la hapa. Kwanza amesema anajaza mpaka alama ya mL 100. Pili, angezimua mara 11 kila hatua ingepanda 1.04, kwa kuwa logi ya 11 ni 1.04. Hatua zake za mwanzo zinapanda *chini* ya 1: 0.93, 0.96, 0.99. Kosa lako linasukuma upande wa pili.

Kemia_Pwani (#4)

Elektrodi imechoka. Elektrodi nzima inatoa takriban milivolti 59 kwa kila pH moja kwenye 25 °C. Ikizeeka inatoa 55 au 54, na hatua zote zinasinyaa. Ailoweke kwenye KCl 3 M usiku kucha kisha arudie.

Mtu_wa_Bureti (#5)

Mkuu, hebu zitazame hatua zake tena. Elektrodi iliyochoka inasinyaza hatua *zote* kwa kiasi kilekile. Ingekuwa 0.93, 0.93, 0.93 mpaka mwisho. Yeye hatua zinakua kadiri asidi inavyokuwa nyepesi: 0.93, halafu 0.96, halafu 0.99. Hiyo siyo elektrodi, ni asidi yenyewe.

Mita haihesabu ioni za haidrojeni. Inapima jinsi zilivyo huru kufanya kazi. Kwenye HCl 0.1 M kila ioni imezungukwa na ioni za chaji kinyume, kwa hiyo inafanya kazi kama asilimia 80 tu ya ukolezi wake. Kwenye 0.01 M ni kama asilimia 90, na kwenye 0.001 M ni kama 96 au 97. Ukichukua logi ya 0.08 badala ya 0.1, pH ni 1.10 siyo 1.00. Kwenye 0.01 M inakuwa 2.04, na kwenye 0.001 M inakuwa 3.02. Kwa hiyo hatua ya kwanza *inatakiwa* kuwa kama 0.95. Asidi haijazimuliwa vibaya. Imezimuliwa sawasawa, ila kila ukiizimua, ioni zilizobaki zinapata uhuru zaidi.

Siki_Asilia (#6)

Samahani kuingilia. Mimi nina siki ya asilimia 5. Niliizimua mara kumi, pH ikatoka 2.4 ikafika 2.9, nusu tu! Kwa maelezo ya #5, ina maana ioni za siki zina uhuru mdogo sana?

Dada_Titre (#7)

Hapana ndugu yangu, siki ni habari nyingine kabisa. Uzi huu unahusu asidi kali, ambayo imeshaachia ioni zote tangu mwanzo. Siki ni asidi dhaifu, imeachia sehemu ndogo tu. Ukiongeza maji inaachia zaidi na kufidia sehemu ya ulichopunguza. Ukolezi ukishuka mara 10, ioni za haidrojeni zinashuka takriban mara 3.16, ambayo ni kipeuo cha pili cha 10, na logi yake ni 0.5. Nusu uliyoiona ndiyo jibu sahihi la siki. Ila usiondoke, siki yako itafaa tukifika kwenye bafa.

Mwl_Pipeti (#8)

@Mtu_wa_Bureti asante, hiyo ya hatua kukua nimeielewa na nitaiweka kwenye zoezi. Ila bado nina 1.14, wewe unasema 1.10. Na 2.07 dhidi ya 2.04.

Kemia_Pwani (#9)

Sasa hapo asidi yako siyo 0.1 M. HCl ya chupa, ile ya asilimia 37, ina takriban moli 12 kwa lita ikiwa mpya. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi imeshapoteza mvuke. Ukichukua mL 8.3 kwa lita moja ukaamini una 0.1, unaweza kuwa na 0.09. Usiamini lebo. Titrisha: kausha Na2CO3, pima gramu 0.1325, yeyusha, weka methili oranji. Kama asidi ni 0.1 M kweli, bureti itasimama kwenye mL 25.0. Ikisimama kwenye mL 27 au 28, umepata mwizi wako.

Mtu_wa_Bureti (#10)

Ushauri wa kutitrisha ni mzuri na afanye. Ila kama asidi ni pungufu tangu mwanzo, pengo lingebaki lilelile chini kote. Yeye ana pengo la 0.04, kisha 0.03, kisha 0.01. Linayeyuka. Mimi nadhani ni kwa sababu amesawazisha kati ya 4 na 7 halafu anapima 1, nje kabisa ya masafa. Pia pale KCl ya elektrodi inapokutana na asidi kali kunazuka milivolti za ziada, kwa kuwa ioni ya haidrojeni hukimbia kuliko nyingine zote. Milivolti 2 tu ni pH 0.03. Aongeze bafa ya 1.68 kwenye usawazishaji.

Kemia_Pwani (#11)

Inawezekana. Lakini pengo la 0.01 kwenye mita ya desimali mbili si pengo la kujengea hoja. Atitrishe kwanza.

Jamaa_wa_Moli (#12)

Haya ya 1.14 ni madogo. Mimi nashangaa ya mwisho. 0.000001 M ilitakiwa 6, amepata 5.68. Na hesabu ni hesabu: ukiendelea hatua mbili tena unapata pH 8. Kila kuzimua mara kumi ni kupanda 1, basi.

Dada_Titre (#13)

pH 8 kutoka kwenye asidi? Mkuu, umetengeneza alkali kwa kuongeza maji kwenye asidi 😄

Maji yenyewe yana ioni zake za haidrojeni, moli 10⁻⁷ kwa lita. Asidi ikishuka kukaribia hapo lazima uzihesabu zote mbili. Kwa HCl ya 10⁻⁸ M kwenye maji safi kabisa jibu ni 6.98. Inaikaribia 7 kutoka chini na haivuki.

Na hata hiyo 6.98 hutaipata mezani, kwa sababu ya kaboni dioksaidi ya hewani. Maji yaliyokenekwa yakiachwa wazi hutulia kwenye 5.6 hivi. Kwa hiyo HCl ya 10⁻⁶ M iliyokaa hewani inatakiwa isome karibu 5.5. Mwalimu kapata 5.68, na kama flaski ilifungwa na hewa haijamaliza kazi yake, hiyo ni namba ya kawaida. Zoezi la "hatua moja, pH moja" linafaa kuishia kwenye 10⁻⁴. Baada ya hapo unapima hewa ya chumba.

Fundi_Maabara (#14)

Nimesoma uzi wote na naona mmeruka namba mbaya kuliko zote: 5.31 kwenye 10⁻⁵ M. Kaboni dioksaidi *inashusha* pH. Kwenye 10⁻⁵ M ingeishusha kidogo sana, kutoka 5.00 kwenda 4.97. Yeye amepanda. Maana yake kuna kitu kimekula asidi. pH 5.31 ni kama 4.9 × 10⁻⁶, kwa hiyo nusu ya asidi haipo.

Kwenye flaski ya mL 100 nusu hiyo ni mikromoli 0.5 tu. Ni kitu kidogo mno, na ndiyo maana kinapenya. Angalia maji ya bomba: mengi yana baikaboneti, chukulia milimoli 1 kwa lita. Flaski iliyooshwa kwa bomba ikabaki na nusu mililita ukutani inatosha kabisa kula hiyo nusu ya asidi. Kwenye hatua ya 0.01 M hutaona chochote, kwa sababu asidi iliyopo ni mara elfu zaidi.

Dada_Titre (#15)

@Fundi_Maabara hoja nzuri, ila mimi namshuku bafa ya 7. Nyingi ni fosfeti, na ile HPO4 inakula asidi. Tone moja ni mL 0.05. Kama bafa ina moli 0.025 kwa lita, tone moja lina mikromoli 1.25. Hata nusu tone lililoning'inia kwenye ncha ya elektrodi, likaingia kwenye mL 100, linazidi mikromoli 0.5 zako. Mwalimu, ulisuuza elektrodi vipi kati ya bafa na sampuli?

Mwl_Pipeti (#16)

Nilisuuza mara moja kwa chupa ya kumiminia, nikafuta kwa tishu. Na flaski zilioshwa kwa maji ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa mara moja. Kwa hiyo nyote wawili mna haki ya kunishuku.

Kemia_Pwani (#17)

Na glasi yenyewe. Flaski za glasi laini huachia alkali, hasa zikiwa mpya au zikikaa na maji siku nzima. Kwa ukolezi huu tumia chupa ya plastiki.

Fundi_Maabara (#18)

Njia ya kutenganisha washukiwa ni kupima kutoka nyepesi kwenda kali, siyo kinyume. Suuza kila flaski mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Suuza elektrodi kwa sampuli yenyewe, mwaga, kisha weka sampuli mpya ndiyo upime. Pima pia maji matupu kwenye flaski hiyohiyo. Yakisoma 6.5 badala ya 5.6 au 5.8, maji au flaski ndiyo tatizo, bila kuhusisha bafa. Ipe mita muda pia, maji yenye ioni chache yanafanya mita iyumbe. Chembe ya KCl safi inasaidia itulie.

Siki_Asilia (#19)

Maji yaliyokenekwa huku kwetu ni shida. Ya betri yanayouzwa sheli yanafaa?

Fundi_Maabara (#20)

Kwa hatua za juu, hadi 0.001 M, yanafaa ukiyapima kwanza. Lakini soma chupa vizuri: watu huita "maji ya betri" vitu viwili, maji matupu na asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya. Ukikosea hapo, siyo zoezi tena, ni jeraha. Na anayeandaa HCl kutoka chupa kali amimine asidi ndani ya maji, asimimine maji ndani ya asidi.

Mwl_Pipeti (#21)

Nimeelewa. Sasa bafa. Mbona 6.87?

Jamaa_wa_Moli (#22)

Hii naijua. Fomula ni hii:

```
pH = pKa + log([HPO4]/[H2PO4])
```

Na2HPO4 inauzwa ikiwa na maji tofauti ndani ya fuwele. Kavu ni gramu 142 kwa moli, yenye maji 2 ni 178, yenye maji 12 ni 358. Kama kopo lako ni la maji 12, gramu 3.55 ni moli 0.0099 tu, siyo 0.025. Uwiano unakuwa 0.4, logi yake ni −0.40, na 7.20 − 0.40 ni 6.80. Karibu kabisa na 6.87. Kesi imefungwa.

Mwl_Pipeti (#23)

Kopo lenyewe lebo imechakaa, inasomeka "Na2HPO4" tu, upande wa pili pameliwa na unyevu.

Mtu_wa_Bureti (#24)

@Jamaa_wa_Moli hii ni hoja ya kweli na ni kosa linaloharibu bafa nyingi. Lakini kuna kitu cha kushangaza: bafa ya mwalimu, moli 0.025 kwa 0.025, ndiyo karibu mchanganyiko uleule wa bafa ya kusawazishia mita, na thamani yake inayokubalika ni 6.86 kwenye 25 °C. Siyo 7.20. Yaani amepata jibu sahihi na kudhani amekosea!

Sababu ni ileile ya HCl, ila hapa ina nguvu zaidi. HPO4 ina chaji mbili, H2PO4 ina moja. Kwenye umajimaji uliojaa ioni, yenye chaji mbili hubanwa zaidi sana. Unaandika uwiano 1 kwa kuhesabu moli, lakini uwiano unaofanya kazi ni kama 0.46 hivi. Logi ya hiyo ni −0.34, na hapo ndipo 7.20 inapogeuka 6.86. Ukizimua mara kumi, ioni zinaachana, uwiano unaofanya kazi unarudi kuelekea 1, na pH inapanda. Nikikadiria kwa hesabu napata 7.07, yeye amepima 7.06.

Jamaa_wa_Moli (#25)

Lakini hata ya maji 12 ingepanda ukizimua. Kupanda hakuthibitishi kopo.

Mtu_wa_Bureti (#26)

Kweli, kupanda peke yake hakuthibitishi. Ila ya maji 12 ingeanzia chini zaidi, kwenye 6.5 hivi, kwa sababu kubanwa kwa ioni kunaongezeka juu ya ile −0.40 yako. Wewe umetoa moja ukasahau nyingine. Ya maji 2 ndiyo ngumu kuitenga, ingesoma 6.77 au 6.78.

Kemia_Pwani (#27)

Na mita iliyoachwa na tone la bafa kwenye ncha ndiyo tunaiamini kwa tofauti ya 0.1? Mwalimu, pima gramu 2 za hiyo poda, weka oveni 120 °C mpaka uzito usibadilike. Ya maji 12 itapoteza asilimia 60, ya maji 2 itapoteza 20, kavu haitapoteza kitu cha maana. Kopo lililokaa na unyevu linaweza kuwa mchanganyiko, na hapo hakuna fomula itakayokuokoa, ni oveni tu.

Siki_Asilia (#28)

Dada Titre uliniahidi siki kwenye bafa. Nataka bafa ya karibu 4.7 na nina siki na sodiamu baikaboneti ya jikoni.

Dada_Titre (#29)

Sijasahau. Siki ya asilimia 5 ina kama milimoli 83 za asidi asetiki kwenye mL 100. pKa ni 4.76, kwa hiyo unataka nusu igeuke aseteti na nusu ibaki asidi. Nusu ni milimoli 41.6, ambayo ni gramu 3.5 za baikaboneti. Weka kidogokidogo kwenye chombo kikubwa, inafura. Gesi ikibaki ndani itashusha usomaji, kwa hiyo koroga sana au pasha moto kidogo, iache ipoe ndipo upime. Usishangae mita ikisema 4.6. Ni hadithi ya #24 tena, ila hapa inabana kidogo kwa kuwa aseteti ina chaji moja tu.

Ukitaka 5.0, tofauti na pKa ni 0.24, na 10 kwa kipeo cha 0.24 ni 1.74. Yaani aseteti 1.74 kwa kila asidi 1. Hiyo ni kugeuza asilimia 63 au 64 ya siki badala ya 50, takriban gramu 4.4. Malizia kwa mita, kwa sababu siki za dukani hazina 5 kamili zote.

Siki_Asilia (#30)

Asante dada. Na nikiizimua mara kumi ili iwe nyingi? pH si haibadiliki sana?

Dada_Titre (#31)

pH haibadiliki sana, lakini *nguvu* inaondoka. Chukua mL 100 za bafa nzito, umwagie mL 1 ya HCl 1 M, yaani milimoli 1. Aseteti inatoka 41.6 kwenda 40.6, asidi inapanda kuwa 42.6. Logi ya uwiano huo ni −0.02, utaiona kwa shida hata kama mita ni nzuri. Sasa fanya hivyo kwenye mL 100 za bafa iliyozimuliwa: 4.16 inakuwa 3.16 kwa 5.16, na pH inashuka 0.21. Maji matupu yangeshuka mpaka 2. Fomula inaona uwiano tu, haioni wingi, na hapo ndipo watu wanapojikuta na "bafa" isiyozuia kitu.

Mwl_Pipeti (#32)

Nimerudi. Asidi nimeititrisha, bureti imesimama kwenye 25.3, kwa hiyo nina 0.099 M. Nimesuuza flaski mara tatu na elektrodi kwa sampuli, nikapima kutoka nyepesi. 10⁻⁵ M sasa inasoma 5.12 badala ya 5.31. Maji matupu 5.83. Poda ipo oveni.

Kemia_Pwani (#33)

0.099 ni pH 0.004 tu, basi mwizi wa 1.14 siyo chupa. Nakubali hilo. Ila 5.12 bado ni robo ya asidi imeliwa. Mimi bado nasema glasi.

Fundi_Maabara (#34)

Maji matupu 5.83 kwenye flaski hiyohiyo yanaitetea glasi kidogo, ingeachia alkali ya kutosha kula robo huenda yangesoma juu zaidi. Labda mita haikupewa muda. Ulisubiri dakika ngapi?

Mwl_Pipeti (#35)

Kama moja na nusu, namba ilikuwa bado inashuka polepole nilipoiandika. Nitarudia kwa chupa ya plastiki na ya glasi sambamba, kila moja dakika tano, nikiwa na majibu ya oveni nitayaweka hapa pamoja.